Picha za akili unde zisigeuzwe ushahidi wa yaliyotokea

Mnamo 2023, shirika la kutetea haki za binadamu la Amnesty International lilijipata pabaya baada ya tawi lake la Norway kuchapisha mtandaoni picha za maandamano yaliyotikisa Colombia mwaka wa 2021. Picha hizo hazikuwa zimepigwa na mtu yeyote. Zilikuwa zimeundwa na mtambo wa akili unde, ambao hubuni picha kutokana na maelezo unayouandikia.

Moja kati ya picha hizo ilimwonyesha mwanamke aliyejitanda bendera ya taifa akiburutwa na polisi. Waliotazama kwa makini waligundua kwamba rangi za bendera hiyo zilikuwa sahihi lakini mpangilio wake ulikuwa umevurugika, na sare za polisi zilikuwa za zamani. Kulikuwa na maandishi madogo yaliyoeleza kuwa picha zilibuniwa. Shirika lilijitetea kwamba lilitaka kuwakinga waandamanaji wasitambuliwe na kuandamwa, lakini hatimaye likaziondoa.

Nia hiyo haikuwa mbaya. Aidha, ukatili uliosimuliwa ulitendeka kweli. Hilo ndilo linalofanya kisa hiki kuwa kizito: shirika lililokuwa na ushahidi wa kutosha liliwapa wakanushaji kisingizio ambacho hawakuwa nacho.

Mtego huu sasa unawakabili watayarishaji wa makala ya video hapa nchini. Kwa desturi, msimulizi haonyeshwi uso wake kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mhariri hufunika sauti yake kwa picha za kujazia, kama vile barabara, majengo au mikono inayofunua faili. Mtazamaji hazihoji picha hizo kwa kuwa amezoea kuamini kwamba palipo na picha palikuwa na kamera. Zamani mhariri aliyekosa picha alilazimika kusafiri, kuchora au kukubali pengo. Siku hizi anaweza kuandika sentensi mbili na kupata video ya sekunde kadhaa inayofanana kabisa na halisi.

Chukua mfano wa mauaji ya Wagalla. Mnamo Februari 1984, maafisa wa usalama waliwakusanya wanaume wa ukoo wa Degodia katika uwanja wa ndege wa Wagalla, karibu na mji wa Wajir, wakawazuilia kwa siku kadhaa juani bila chakula wala maji. Wengi waliuawa. Serikali ya wakati huo ilisema waliofariki ni 57. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, katika ripoti yake ya 2013, ilikadiria kwamba idadi hiyo ilikaribia 1,000.

Tuseme mtayarishaji ana sauti za manusura lakini hana video yoyote ya siku hizo. Anauagiza mtambo umwonyeshe umati wa watu waliozuiliwa na wanajeshi katika uwanja wa ndege jangwani. Anachoona ni picha safi yenye vumbi na mwanga wa jua linalozama.

Lakini picha hiyo tayari imetoa madai chungu nzima. Iwapo umati una watu 60, imeiunga mkono serikali ya 1984. Iwapo una watu 900, imeiunga mkono tume. Mtambo haukusoma ripoti ya upande wowote. Ulichanganya tu picha nyingi za umati ulizofunzwa nazo. Kwa kuwa picha za Wajir ya miaka hiyo ni haba, utajaziliza kwa sura ya jangwa lolote na jeshi lolote. Huenda ukawatia wanawake uwanjani ilhali waliozuiliwa walikuwa wanaume. Sare, bunduki, hata miti, yote ni ya kubahatisha.

Dawa yake huanza kwenye mswada, kabla ya mtambo kuguswa. Mhariri hupitia maelezo sentensi moja moja na kujiuliza iwapo mtazamaji akiona picha hii atadhani ameona tukio lenyewe. Sentensi inayosema Wajir ni eneo kame haihitaji akili unde hata kidogo; video ya leo inatosha, almuradi mwaka iliopigwa uandikwe. Sentensi inayotaja idadi ya waliouawa haifai kubuniwa picha kamwe. Ionyeshwe ripoti yenyewe, ukurasa wenye takwimu.

Katikati ya hizo mbili ndipo penye kazi. Iwapo manusura anasema alisikia lori likisimama nje usiku, hakuna hati ya kuonyesha. Hapo akili unde inaweza kutumika, bora picha isijifanye kamera. Mtambo uagizwe kutoa mchoro wa mkaa, taa mbili gizani, pasi na uso wala nambari ya gari. Mtazamaji ataelewa mara moja kwamba anaonyeshwa kumbukumbu ya mtu. BBC Africa Eye ilifuata mkondo kama huo katika makala yake ya Aprili 2025 kuhusu mauaji ya waandamanaji bungeni Nairobi Juni 25, 2024. Video zilizotumika zilikuwa halisi, nyingi zikiwa za simu za waliokuwepo, na mahali zilipopigwa pakaonyeshwa katika mfano wa bunge uliochorwa kwa kompyuta. Hakuna aliyeweza kuudhania mchoro huo kuwa video.

Kuna tahadhari moja inayosahaulika mno. Manusura asionyeshwe picha iliyobuniwa kabla ya kurekodiwa ushahidi wake. Kumbukumbu ya miaka 40 hushika upesi kile jicho limeona jana, na baadaye hakuna atakayeweza kutenganisha alichokiona Wagalla na alichokiona kwenye kompyuta ya mhariri.

Kuhusu tangazo kwamba picha imebuniwa, kosa la kawaida ni kuliweka mwishoni, pamoja na majina ya waliotayarisha. Makala ya runinga hayakai mazima. Hukatwa vipande na kusambazwa kwenye WhatsApp na TikTok, na kipande cha sekunde 15 hakibebi orodha ya mwishoni. YouTube, tangu 2024, inawataka wanaopakia video kutangaza zile zilizobuniwa zikafanana na halisi, lakini tangazo hilo hubaki YouTube. Alama za siri zinazotiwa ndani ya faili nazo zinaweza kupotea mtu anaporekodi kioo cha simu yake.

Hivyo basi, maandishi lazima yawe juu ya picha yenyewe, muda wote inapoonekana. Hata hapo pembe si mahali pazuri. Video ya kawaida ina upana wa pikseli 1,920 na kimo cha 1,080. Ikikatwa ili ijaze simu iliyosimamishwa wima, hubaki upana wa takriban pikseli 608 tu, chini ya thuluthi moja, na kila kilichokuwa pembeni hutoweka. Maneno kama "Mchoro uliobuniwa kwa kompyuta" yakae katikati, juu kidogo ya ukingo wa chini. Msimulizi pia ayatamke.

Lililobaki ni la kabati. Muungano wa watafiti wa picha za kumbukumbu, Archival Producers Alliance, ulitoa mwongozo mnamo 2024 unaohimiza kuwekwa kwa rekodi ya kila picha iliyobuniwa: maelezo ambayo mtambo uliandikiwa, jina na toleo lake, na tarehe. Katika chumba cha uhariri chenye haraka kazi hii huonekana ya karani. Lakini faili zisizo na rekodi huingia katika maktaba ya kituo pamoja na zile halisi, na mhariri mwingine, katika maadhimisho ya mwaka mwingine wa Wagalla, atatafuta "Wajir 1984" na kuikuta hapo.