Njia ya Mtoto Haipimwi kwa Urefu

Wazazi wenzangu wa Mombasa, wengi wetu tumpelekapo mtoto skuli huchagua njia fupi. Mimi naona tunapima kisichopimwa. Hatari ya mtoto haimo katika urefu wa njia. Imo pale anapovuka. Mtoto wa Mji wa Kale asomaye ng'ambo ya Barabara ya Digo na afuate vichochoro vyetu, hata vikimzungusha, mradi avuke barabara kuu mara moja tu.

Na avukie wapi? Si baina ya matatu zilizosimama. Kimo chake ni kifupi, na dereva hamwoni mpaka amekwisha kutokeza. Gari la kasi ya kilomita 50 kwa saa huenda karibu mita 14 kwa sekunde moja, na breki haijakanyagwa. Mtoto wa miaka sita hawezi kuikadiria kasi hiyo.

Basi majirani na wapeane zamu: mtu mzima mmoja kwa watoto watatu wadogo, wakutane barazani saa kumi na mbili na nusu asubuhi, wavuke wameshikana mikono. Aliyechelewa apelekwe na mzaziwe, asiachwe kuwakimbilia wenziwe. Kwani akimbiliaye wenziwe haangalii gari.