Ombi la likizo likikaliwa kimya

Katika shule zetu kuna ugonjwa mmoja ambao haujapata dawa, nao ni barua ya likizo isiyojibiwa. Mwalimu huandika ombi lake kwa heshima zote, akalipeleka ofisini, kisha siku zikapita bila ya neno. Kuuliza anaona haya, asije akaitwa mtu wa papara. Kunyamaza nako kunamtia hofu, kwani tarehe anayoitaka inakaribia. Aghalabu huishia kufanya mojawapo ya makosa mawili: ama hulalamika katika chumba cha walimu hadi maneno yamfikie mkubwa wake yakiwa yamegeuka matusi, ama hujiendea zake kwa kudhani kwamba kimya ni ridhaa.

Kosa hilo la pili ni la hatari zaidi. Kifungu cha 44 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kinataja kutokuwapo kazini bila ya ruhusa wala sababu halali kuwa miongoni mwa makosa yanayoweza kumfutisha mtu kazi papo hapo. Kwa hiyo kukumbusha si utovu wa adabu. Ni wajibu wa mwombaji kwa nafsi yake.

Hata hivyo, kabla ya kukumbusha ni sharti tujiulize kwa nini mkubwa amenyamaza. Mara nyingi hana chuki wala dharau. Ombi la likizo katikati ya muhula humletea kazi asiyokuwa nayo: nani atafundisha Kidato cha Tatu, nani atashika zamu, wazazi watasema nini? Asipokuwa na jibu la maswali hayo, barua huiweka kando ili aifikirie baadaye, na hiyo baadaye haifiki. Basi kumbusho linalosema tu “bado nangoja” humwongezea mzigo ule ule uliomfanya anyamaze. Kumbusho lenye manufaa humpunguzia mzigo huo.

Tuchukue mfano wa mwalimu wa Kiswahili aliyeajiriwa na halmashauri ya shule ya upili, ambaye pia anasoma chuo kikuu. Mtihani wake ni kuanzia Jumanne tarehe 14 Julai hadi Ijumaa tarehe 17. Aliandika barua Jumatatu tarehe 22 Juni, kuomba siku 4. Juma zima limepita bila ya jibu.

Jambo la kwanza, Jumatatu ya tarehe 29, ni kwenda kwa katibu muhtasi, wala si kwa Mwalimu Mkuu. Amwulize kama barua iliandikwa katika daftari la barua zinazoingia, na kama iliingia ofisini. Si barua chache zilizolaumiwa kwamba hazikujibiwa ilhali hazikuwahi kusomwa. Ikiwa imepotea, alete nakala, na mambo yaanze upya bila ya lawama.

Ikiwa imefika, amkumbushe Mwalimu Mkuu kwa mdomo siku inayofuata. Hapa wakati ni nusu ya adabu. Asimkabili mlangoni gwaride linapoanza, wala mbele ya wazazi waliokuja kwa mambo ya karo, wala mbele ya walimu wenzake. Mkubwa anayeulizwa hadharani hujibu kwa ajili ya wanaosikiliza. Angoje alasiri, abishe hodi, na aseme: “Mwalimu, naomba dakika moja. Ni kuhusu ile barua yangu ya likizo ya mtihani. Kama kuna jambo linalohitaji maelezo zaidi, niko tayari kulieleza.” Maneno hayo humpa mkubwa njia ya kujibu bila ya kuaibika kwa kuchelewa.

Lugha yetu ina maneno madogo yenye miiba. “Mbona hujanijibu?” si swali bali ni shutuma, kwa sababu “mbona” hudai sababu. “Hadi sasa” na “kwa mara nyingine tena” huhesabu makosa ya msomaji. Lakini “naomba kujua ombi langu limefikia wapi” humzungumzia ombi badala ya kumzungumzia mtu, na lawama haina pa kushika.

Kimya kikiendelea, Ijumaa tarehe 3 Julai aandike barua fupi. Kabla ya kuiandika, atazame ratiba na kuzungumza na wenzake. Tuseme ana vipindi 18 katika siku hizo 4. Wenzake wawili wamekubali kumshikia vipindi 11, na vile 7 vilivyosalia amebadilishana nao ili avifundishe juma linalotangulia. Mpango huo auonyeshe kwa naibu wa Mwalimu Mkuu, ambaye ndiye mwenye ratiba. Kisha barua yenyewe iwe hivi:

“KUH: OMBI LA LIKIZO YA MTIHANI. Rejea barua yangu ya tarehe 22 Juni. Naambatisha nakala ya ratiba ya mtihani, pamoja na mpango wa vipindi vyangu 18 ambao naibu wako ameuona. Nitashukuru nikipata uamuzi wako kufikia Jumatano tarehe 8 Julai, ili niwakabidhi wenzangu kazi kwa utaratibu. Iwapo siku hizo hazifai, naomba nafasi ya kulizungumzia jambo hili.”

Wanafunzi wanaojifunza barua rasmi na watazame jinsi ilivyojengwa. Haina pole nyingi wala samahani, kwani anayeomba radhi kupita kiasi hufanya haja yake ionekane kosa. Ina tarehe ya mwisho, lakini tarehe hiyo imepewa sababu, na sababu yenyewe ni ya shule. Tarehe isiyo na sababu ni amri. Na mwisho wake unamruhusu mkubwa kukataa, jambo ambalo ni la haki, kwa kuwa likizo ya mtihani hutegemea hiari ya mwajiri.

Si kila likizo iko hivyo. Mama mjamzito, kwa kifungu cha 29 cha sheria ile ile, ana haki ya miezi 3 kwa mshahara kamili, almuradi atoe ilani ya maandishi siku 7 mapema. Kumbusho lake lisiulize kama ataruhusiwa. Liombe tu uthibitisho kwamba ilani imepokelewa. Kuchanganya haki na ombi ndiko kunakowafanya wengine wajinyenyekeze mno, na wengine wadai wasichostahili.

Na Jumatano ya tarehe 8 ikipita kimya? Amwendee naibu na kumwomba waingie pamoja ofisini. Akitaka kumwandikia mwenyekiti wa halmashauri, barua ipitie kwa Mwalimu Mkuu, ambaye ndiye katibu wa halmashauri hiyo. Kumpita kwa siri ni kufunga mlango ambao atauhitaji kesho. Jibu lisipopatikana kabisa, asiondoke. Awahi kuuliza chuoni kama mtihani waweza kuahirishwa, naye atakuwa na nakala za barua zake mkononi.

Lakini lawama zote tusimtwike mwombaji. Mkubwa aandikaye “Nimeipata, nitajibu Ijumaa” hutumia nusu dakika, naye humwepushia mwalimu wake majuma mawili ya wasiwasi. Mwalimu mwenye wasiwasi huingia darasani mwili peke yake, na wanaopata hasara ni wanafunzi.