Kindu: kabla ya kumwita mtu kichaa, mguseni shingo

Hapa Kindu, mama akianza kusikia sauti na kusema majirani wanataka kumuua, jamaa wanampeleka kwenye maombi ao kwa mganga. Akifika kwenye kituo cha afya, anapewa dawa za kumlaza. Nani anamgusa shingo?

Tezi ya shingo, ile ambayo ikivimba tunaita rovu, inatoa homoni inayoendesha mwili pamoja na akili. Ikizidi kazi, mtu anakuwa na hofu, anatetemeka, moyo unakimbia hata akilala, anakonda ingawa anakula. Tunasema ni woga. Ikilegea, anahuzunika, anasikia baridi, ngozi inakauka, sauti inakuwa nzito. Tunasema ni mawazo.

Mwaka 1949 daktari Mwingereza Richard Asher alieleza wagonjwa 14 waliorukwa na akili kwa sababu tezi yao ilikuwa imelegea. Walipopewa homoni ya tezi, wengi wao walipona. Na rovu si ugonjwa wa Ulaya: kisiwa cha Idjwi, katika Ziwa Kivu, kinajulikana nayo tangu zamani.

Hatusemi kila kichaa ana ugonjwa wa tezi. Wengi hawana. Lakini kabla ya kuandika neno hilo kwenye fishi ya mgonjwa, muuguzi ahesabu mapigo ya moyo, aguse shingo, aombe kipimo cha damu cha TSH. Mara nyingi TSH ikipanda sana, tezi imelegea. Ikishuka sana, imezidi. Shingo isiyovimba haitoshi kusema tezi ni nzima. Dawa ya kulaza hairudishi homoni iliyokosekana.