Tezi za Shingo Zikivimba

Ndugu wazazi, mtoto akiumwa mafindofindo, aghalabu hutokwa na vivimbe chini ya taya. Hizo ni tezi zilizo kazini: hunasa vijidudu vitokavyo kooni, na chembe za kinga huongezeka ndani yake. Ndiyo maana huuma zikiguswa na hutembea chini ya kidole. Koo likipona, hunywea taratibu, pengine kwa wiki 2 au 3.

Ya kutiliwa shaka ni tezi isiyouma, inayozidi kukua ilhali koo limekwisha kupona. Tuseme mtoto wa hapa Chimala alipona koo mwezi mmoja uliopita, lakini tezi imekuwa kubwa kuliko awali, naye anakonda na kutokwa jasho usiku. Huenda ni kifua kikuu cha tezi, ambacho huja hata pasipo kikohozi. Msiichanje, mpelekeni hospitali, tezi ichomwe sindano nyembamba na majimaji yake yapimwe. Dawa hutolewa bure nchini, nazo humezwa kwa miezi kadhaa.

Ama mtoto ashindwaye kumeza mate, kufungua kinywa au kupumua vyema, apelekwe saa ile ile.