Yuko bize lakini yuko hewani: kabla ya kumwita mwenza mwongo

Moja ya malalamiko yanayorudiwa sana na wanandoa wanaoishi mbalimbali ni hili: "Kila nikimtafuta anasema yuko bize, lakini nikiingia WhatsApp namkuta yuko hewani." Anayelalamika huwa ameshamaliza kesi. Kama alikuwa na muda wa kushika simu, basi alikuwa na muda wa kujibu, na kama hakujibu, amedanganya.

Mhunze, makao makuu ya Wilaya ya Kishapu mkoani Shinyanga, malalamiko hayo yana mazingira yake. Wapo wanaume wanaoacha familia pale na kwenda kutafuta riziki kwenye machimbo ya dhahabu ya Kahama na Geita. Mke anabaki na watoto, shamba la pamba au biashara ndogo, na kinachobaki kumuunganisha na mumewe ni simu. Simu ikianza kuonekana inasema mambo mawili tofauti, ndoa inatikisika.

Tuchukue mfano. Mke yuko Mhunze, anauza vitenge. Mume yuko kwenye machimbo ya wachimbaji wadogo Nyarugusu, mkoani Geita. Saa 6 mchana mke anaandika, "Baba watoto, umekula?" Inaonekana tiki moja, na inabaki hivyo mchana kutwa. Saa 11:10 jioni tiki zinakuwa mbili. Saa 1 usiku mke anafungua simu na kuona juu ya jina la mumewe neno "online", lakini ujumbe wake haujajibiwa na tiki bado ni za kijivu. Saa 4 usiku jibu linakuja: "Nimechoka mama, niko bize, tutaongea kesho." Mke analala akiwa na shaka, anaamka usiku, anatazama simu na kukuta mume alionekana mara ya mwisho saa 5:40 usiku, tena ameweka picha kwenye status akiwa na wenzake wanacheka.

Kwa mke huyo ushahidi umekamilika. Ila kila alama kati ya hizo ina maana yake, na maana hiyo ni ndogo kuliko anavyodhani.

Alama za simu zinasema nini

Tiki moja maana yake ujumbe umetoka kwa mtumaji lakini haujafika kwenye simu ya mpokeaji. Mtu aliyeshuka kwenye duara, yaani shimo la kuchimbia, hana mtandao. Huenda simu ameiacha juu kwa mwenzake, au ameizima kutunza chaji. Anapopanda na kuiwasha, ujumbe wote wa siku nzima unaingia kwa mkupuo: wa mke, wa wenzake, wa makundi. Kwa hiyo tiki mbili za saa 11:10 zinaeleza kwamba simu ilipata mtandao muda huo. Hazisemi kwamba mume alisoma na kupuuza.

Neno "online" linaonyesha kwamba WhatsApp imefunguliwa kwenye simu hiyo, au kwenye kompyuta iliyounganishwa nayo, na kuna mtandao. Halisemi anaongea na nani, wala kama anaongea na mtu kabisa. Anayesoma tangazo la kundi la kazi yuko "online". Anayetazama namba ya mtu wa kumpigia yuko "online". Simu ikiwa mikononi mwa mwenzake aliyeiazima, mwenye simu naye anahesabika yuko "online".

Tiki za bluu nazo zina mipaka. Zinatokea mpokeaji anapofungua mazungumzo yenyewe. Akisoma maneno yanapochungulia juu ya kioo, tiki zinabaki za kijivu ingawa ameshasoma. Na aliyezima taarifa za kusomwa hatatoa tiki za bluu kwenye mazungumzo ya watu wawili, hata kama anasoma kila neno. Status nayo hukaa saa 24, na picha inaweza kuwa ya mchana, ya jana au ya mwezi uliopita.

Kwa hiyo mke wa mfano wetu ana uhakika wa jambo moja tu: baada ya saa 11 jioni mume alikuwa na simu yenye mtandao, na alifungua WhatsApp zaidi ya mara moja kabla ya kulala. Mengine yote ameyajaza mwenyewe.

Bize wa nini?

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Wanaichukua "bize" kama kipimo cha dakika. Kwa mtu aliyetoka kazi ngumu, mara nyingi kinachokuwa kimekwisha ni nguvu ya kuongea.

Kuangalia video fupi, kumcheka mchekeshaji au kuweka kidole gumba kwenye kundi hakudai chochote. Mtu anaweza kufanya hayo akiwa amelala chali, nusu macho. Kumjibu mwenza ni kazi nyingine. Ujumbe wa "umekula?" ukifuatwa na "mbona siku hizi hunipigii?", na "ada ya mtoto umefikia wapi?", anayejibu anajua kwamba neno moja litafungua mazungumzo ya saa nzima. Aliyechoka anaahirisha ili ajibu vizuri baadaye. Baadaye hiyo inapita usingizini.

Kuna pia kazi inayofanyika humo humo mtandaoni. Machimboni, taarifa za zamu, za karasha inayosaga mawe, za bei ya dhahabu na za michango ya msiba zinaweza kupita kwenye makundi. Hata mke wa Mhunze anayetangaza vitenge vyake kwenye makundi ataonekana hewani tangu asubuhi, huku akiwa hajapata nafasi ya kumpigia mumewe. Naye akihukumiwa kwa kipimo hicho hicho ataonekana mwongo.

Suala la fedha nalo lipo. Mwenye bando la mitandao ya kijamii pekee anaweza kusoma ujumbe bila kuwa na dakika za kupiga simu ya kawaida. Ni aibu ndogo ambayo wanaume wengi hawapendi kuitaja, na "niko bize" ni neno rahisi kuliko "sina salio".

Lini wasiwasi una msingi

Kutomhukumu mwenza hakumaanishi kufumba macho. Tofauti kati ya mchovu na anayekwepa haionekani kwa usiku mmoja. Inaonekana kwa kutazama wiki mbili au tatu, na si kwa kuhesabu dakika alizokaa mtandaoni, bali kwa kutazama anachofanya anapopata nafasi.

Mchovu hurudi. Akisema "tutaongea kesho", kesho anapiga, au anaomba radhi na kutaja muda mwingine. Siku ya mapumziko sauti yake hubadilika, anauliza habari za watoto kwa majina, anakumbuka jambo aliloambiwa juzi. Ubize wake una umbo: unafuata zamu na siku za kazi.

Anayekwepa hana umbo hilo. Kesho yake haifiki, siku ya mapumziko naye yuko bize vilevile, na akiulizwa swali la kawaida anakuwa mkali. Anajibu haraka mambo yanayomhusu yeye, kama kuomba namba ya mtu, lakini ya nyumbani hayajibu. Maelezo yake ya siku hiyo hiyo yanapingana. Hata hapo, kukwepa si lazima kuwe na mtu mwingine. Wapo wanaokwepa kwa sababu duara halijatoa kitu kwa miezi na hawana cha kutuma nyumbani. Wapo waliozama kwenye madeni, pombe au kamari. Hizo ni shida kubwa, na dawa yake haipatikani kwa kulumbana kuhusu "online".

Na lipo jambo la tatu linalosahaulika. Mume anaweza kuwa hadanganyi kabisa, na bado mke akawa anaumia. Kupewa mabaki ya siku kila siku ni kilio halali, hata kama hakuna uongo wowote.

Namna ya kuliongea

Mke wa mfano wetu ana njia mbili. Ya kwanza ni kupiga picha kioo cha simu kinachoonyesha saa 5:40 na kumtumia mume: "Huyu aliyechoka ni nani?" Kinachofuata kinajulikana. Mume anajitetea, kesho yake anaficha muda wake wa kuonekana, jambo ambalo WhatsApp inaliruhusu. Mke akikuta muda umefichwa anapata ushahidi mpya, ingawa mume amefanya hivyo kukimbia ugomvi. Shaka imezaa kificho, kificho kimezaa shaka.

Njia ya pili ni kuacha alama za simu na kutaja upungufu wenyewe, wakati ambao mume hajatoka kazini: "Baba watoto, wiki hii tumeongea mara moja tu. Najua kazi ni nzito. Ila nakumiss, na watoto wanakuuliza. Ni muda gani kwako ni mwepesi, hata dakika kumi?" Sentensi hiyo haimwiti mtu mwongo, kwa hiyo haimpi cha kujitetea. Inampa swali moja linalojibika.

Baada ya hapo wawili wakubaliane mambo mawili madogo. Kwanza, siku na saa ya kuongea inayofuata zamu yake, mfano Jumatano na Jumapili saa 2 usiku. Pili, alama ya siku nyingine: neno moja kama "nimepanda" anapotoka duarani, lenye maana kwamba yuko salama na maongezi yatafuata. Mke naye asilibebeshe neno hilo maswali matano. Na mambo mazito, kama ada au ugonjwa, yapigiwe simu yakitajwa mapema kuwa ni mazito, ili salamu ibaki kuwa salamu.

Makubaliano hayo ndiyo kipimo bora kuliko "online". Baada ya wiki tatu itajulikana kama saa 2 ya Jumapili inaheshimiwa. Ikivunjwa mara kwa mara bila maelezo, mke ana jambo la wazi la kupeleka kwa mume, na likishindikana, kwa wazee wanaoaminika wa pande zote mbili au kwa afisa ustawi wa jamii.

Njia ya kuepuka ni kuunganisha kwa siri WhatsApp ya mwenza kwenye simu nyingine ili kusoma ujumbe wake. Kuingia kwenye mfumo wa mtu bila idhini kunagusa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Na hata pasipo sheria, kupekua hakumalizi hofu. Anayetazama simu ya mwenza saa 8 usiku hupata nafuu ya dakika chache, kisha anatazama tena. Akijikuta halali au hali kwa sababu ya kuchungulia, aiweke simu mbali na kitanda na kumweleza mtoa huduma za afya.

Kama shaka imegeuka vitisho au kipigo, kwa upande wowote, suala hilo si la kusubiri Jumapili saa 2. Ni la Dawati la Jinsia na Watoto kwenye kituo cha polisi.