Koti la kwenye kompyuta



Kijana anaingia studio na fulana, anatoka na picha ya pasipoti amevaa suti na tai. Mpiga picha amekata kichwa chake shingoni, akakibandika juu ya koti lililokuwa tayari kwenye kompyuta. Wengi wanaliona dogo. Mimi nasema ni udanganyifu, tusiufanye kabisa.

Picha ya pasipoti, ya kitambulisho au ya maombi ya kazi ni ushahidi. Inasema: "Nilikaa mbele ya kamera nikiwa hivi." Nawe hukukaa hivyo. Tena anayekata shingo hupunguza na kidevu, na kwa uso huo ndipo utatambuliwa mpakani. NIDA wao hukupiga picha wenyewe ofisini, na nguo ulizokwenda nazo.

Asma binti Abubakar (r.a.) amesimulia, na Bukhari na Muslim wameipokea, habari ya mwanamke aliyetaka kumwonyesha mke mwenziwe kuwa mume amempa asichompa. Mtume (s.a.w.) akamfananisha mwenye kufanya hivyo na aliyevaa nguo mbili za uongo. Je, koti ambalo halijawahi kugusa bega lako ni nguo gani?

Utasema, "Sheikh, sina suti." Azima koti la kaka yako, livae, upigwe. Hapo picha imesema kweli, maana umelivaa. Ukikosa, shati safi lililopigwa pasi linatosha. Na wewe dada, jitande mtandio kabla ya kupigwa, usichorewe baadaye.

Wallahu aalam.