Friji jipya limefika limebonyea na linapiga kelele: andika barua ambayo duka haliwezi kuikwepa

Leo tuongelee barua ya malalamiko, ile ambayo mteja anakuandikia akiwa amekasirika, na ile ambayo siku moja wewe mwenyewe utamwandikia aliyekuuzia mzigo. Msimamo wangu nausema mapema: barua nyingi zinakwama hata kama mlalamikaji ana haki, kwa sababu amechanganya alichokiona na anachokihisi. Muuzaji anakijibu kile cha kuhisi tu, na mazungumzo yanaishia hapo.

Mfano ninao hapa hapa Ihembe. Jirani yangu, mama anayeuza juisi na mtindi kwa oda za WhatsApp, aliagiza friji jipya kutoka duka moja la Bukoba. Alilipa shilingi 780,000, na usafiri 40,000. Mzigo ulifika jioni juu ya Fuso, umelazwa ubavu juu ya mifuko ya saruji. Boksi limechanika kona ya chini. Giza linaingia, dereva ana haraka, mama akasaini kitabu cha mzigo. Kufungua ndani akakuta ubavu umebonyea. Akawasha palepale. Friji likaanza kugonga.

Usiku ule alituma ujumbe dukani: "Mmeniuzia friji bovu, kompresa imekufa, mmenitapeli, nataka hela yangu kesho."

Asubuhi akajibiwa: "Pole mama. Sisi tulikabidhi gari likiwa zima, kubonyea muulize dereva. Kelele ni kawaida ya friji jipya, zitaisha."

Umeona? Sentensi tatu na duka limetoka salama. Na ukweli usemwe, mama aliwapa njia. Alisema kompresa imekufa wakati friji linapoza. Alisema ametapeliwa, jambo ambalo hana ushahidi nalo. Yale mawili aliyoyaona kwa macho na kuyasikia kwa masikio, hakuyaeleza kabisa.

Aliponifuata nikamwambia, chomoa kwanza, usiweke hata chupa moja ya juisi humo. Kabla ya barua ya pili tupime, maana kila tusichopima ndicho watakachotuuliza.

Kelele ilikuwa ya nini?

Lile chungu jeusi lililo chini kwa nyuma ndiyo kompresa. Ndani yake kuna mota iliyokaa juu ya springi, na oili chini yake. Kwa nje, chungu lenyewe limekaa juu ya mipira. Friji likilazwa njiani, oili inaweza kukimbilia kwenye mabomba, ndiyo maana lililosafiri limelala halitakiwi kuwashwa palepale. Tuliliacha limesimama siku nzima, saa 24, halijachomekwa. Mama alikuwa amekosea kuliwasha usiku ule, na hilo tulikubaliana tutaliandika bila kuficha.

Baada ya hapo tuliondoa sababu moja moja. Tuliliweka kwenye sakafu ya simenti iliyonyooka, tukarekebisha miguu ya mbele mpaka likaacha kuyumba, kwa sababu friji lililopinda nalo linatetemeka na kupiga kelele. Tukaangalia kama kuna bomba linalogusa bodi. Ukilishika bomba kwa kitambaa (mengine ni ya moto) na kelele ikakata, basi tatizo ni bomba, na fundi analisogeza kidogo tu. Letu halikukata. Tukamwita fundi apime umeme friji likiwa linafanya kazi, akapata volti 221, yaani umeme uko sawa. Umeme ukiwa mdogo mlio wake ni tofauti: kompresa inanguruma, inakata kwa "tik", inanyamaza dakika chache, halafu inajaribu tena.

Letu lilikuwa linagonga "ngo, ngo, ngo" kila linapoanza na kila linapozima, na katikati linanguruma. Mlio wa maji kububujika au plastiki kupasuka "ta!" ni wa kawaida kwa friji lolote. Chuma kugonga chuma wakati wa kuwaka na kuzima si kawaida. Fundi alihisi springi mojawapo imechomoka kwa kishindo cha njiani. Nasisitiza, *alihisi*. Kompresa hiyo imefungwa kwa kulehemu, huwezi kuifungua ukaona. Kwa hiyo kwenye barua tuliandika mlio, hatukuandika springi.

Kubonyea nako si urembo tu

Pale palipobonyea palikuwa ubavu wa kushoto, chini karibu na nyuma, upana wa kiganja. Friji nyingi za siku hizi mabomba yake ya kutoa joto yamepita ndani ya kuta za ubavuni, ndiyo maana ukigusa ubavu unasikia joto. Pakibonyea sana, bomba linaweza kubanwa au kuvuja pole pole, na utakuja kugundua baada ya miezi friji likiacha kupoza. Usijaribu kupagonga parudi. Soma kibandiko cha nyuma. Kama kimeandikwa R600a, gesi hiyo inashika moto.

Tukajaribu pia mlango kwa karatasi. Unaibana mlangoni halafu unaivuta. Ikitoka kirahisi, mpira haufungi vizuri. Yetu ilishika pande zote, kwa hiyo mlango hatukuulalamikia. Lalamikia kile kibovu tu, watakuamini zaidi.

Barua yenyewe

Tuliiandika kwa mkono, tukaipiga picha na kuituma, na nakala ya karatasi ikapelekwa dukani na mtu aliyekuwa anakwenda Bukoba. Akarudi na nakala yenye saini ya aliyepokea.

> Meneja Mauzo,
> Bukoba.
>
> YAH: FRIJI JIPYA LILILOFIKA LIMEBONYEA NA KOMPRESA INAYOGONGA
>
> Husika na kichwa cha habari hapo juu.
>
> Nilinunua kwenu friji jipya kwa shilingi 780,000. Nakala ya risiti ya EFD na picha ya namba ya friji nimeambatanisha. Lilifika Ihembe juzi saa kumi na mbili jioni.
>
> Kwanza, ubavu wa kushoto, chini karibu na nyuma, umebonyea upana wa kiganja. Boksi lilifika limechanika sehemu hiyo hiyo, na mzigo ulikuwa umelazwa kwenye gari. Picha tatu zimeambatanishwa: boksi kabla ya kufunguliwa, boksi lilipochanika, na ubavu wenyewe.
>
> Pili, kompresa inagonga kila inapowaka na kuzima. Nakiri niliwasha mara tu lilipofika, kwa dakika chache, nikachomoa. Baadaye liliachwa limesimama saa 24, likawekwa sakafu iliyonyooka, na fundi akapima umeme volti 221. Kelele imebaki vilevile. Video inaonyesha likiwaka na likizima.
>
> Friji linapoza, lakini sijalipokea kama bidhaa niliyonunua na silitumii.
>
> Naomba mnibadilishie friji lingine jipya la aina hiyo hiyo, kwa gharama zenu za usafiri. Kama mnataka kulikagua kwanza, tumeni fundi wenu ndani ya siku tano. Mkishindwa kubadilisha, nirudishieni shilingi 820,000, yaani bei na usafiri.
>
> Naomba jibu la maandishi kabla ya Ijumaa.

Hakuna tusi, hakuna "mmenitapeli". Ombi ni moja, mbadala ni mmoja, na siku imetajwa. Duka lilimtuma fundi wa Kayanga, akasikiliza dakika kumi, akawapigia simu. Friji lingine lilifika siku ya tisa tangu barua, safari hii limesimama na limefungwa kamba. Hasara ya siku tisa bila juisi mama hakulipwa, kwa sababu hatukuidai na daftari lake la mauzo halikuwa limejazwa. Hilo nalo ni somo.

Sasa upande wetu wauzaji

Hapa ndipo najua baadhi yenu hamtakubaliana nami. Tumezoea kusema "mzigo ukishapanda gari si wangu tena". Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, kweli inasema kwa kawaida kumkabidhi msafirishaji ni kama kumkabidhi mnunuzi. Lakini haiishii hapo. Inamtaka muuzaji aingie makubaliano ya maana na msafirishaji kulingana na aina ya mzigo. Asipofanya hivyo na mzigo ukaharibika njiani, mnunuzi anaweza kukataa kuhesabu kwamba amekabidhiwa. Friji kulazwa juu ya saruji, na aliyelipakia hakusema chochote wala kuandika chochote, utajitetea vipi?

Sheria hiyo hiyo inampa mnunuzi nafasi ya kukagua kabla ya kuhesabiwa kuwa amekubali bidhaa. Ila akikaa nayo muda mrefu kupita kiasi bila kusema anaikataa, anahesabiwa amekubali. Ndiyo maana tuliandika haraka, na ndiyo maana mama hakulitumia. Na kama duka lingenyamaza kabisa, barua ile ile ndiyo ingekuwa karatasi ya kwanza kwenda nayo Tume ya Ushindani, FCC, inayosimamia ulinzi wa mlaji chini ya sheria ya mwaka 2003.

Kwa hiyo mimi nashauri hivi. Ukituma chombo cha namna hii, kipige picha pande zote kabla ya kufunga, na video fupi kikiwa kinawaka. Kwenye karatasi ya mzigo andika "kisimame, kisilazwe", dereva asaini, nakala ibaki kwako. Mwambie mteja asisaini kimya kimya. Boksi likiwa limechanika, aandike pembeni ya saini yake "boksi limechanika, ndani sijakagua". Mteja akiandika hivyo anakusaidia hata wewe, maana ndiyo utakayomdai nayo mwenye gari.

Na barua ya malalamiko ikikufikia, usiisome ukitafuta neno alilokosea. Yule muuzaji wa Bukoba aliona "imekufa" akaona ameshinda, kumbe kosa lilikuwepo na gharama ya kulileta friji la pili ilimsubiri mbele. Angeuliza maswali mawili tu usiku ule, "pamebonyea wapi?" na "linagonga wakati gani?", angemaliza na mama bila barua ya pili.